Uzi: Mkazo wa neno "barabara", sikio linafuata urefu, kidatu au nguvu ya sauti?

MwanaWete

Assalaam alaykum wanajukwaa. Naandika tasnifu ya shahada ya kwanza hapa Unguja, na mada yangu ni mkazo wa maneno ya Kiswahili. Skuli tulifundishwa kwamba mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kwa maneno mengi ndivyo ilivyo. Lakini yapo machache yanayotoka nje ya mstari, na lililonishika mimi ni "barabara". Ile ya magari ni ba-ra-BA-ra. Ile yenye maana ya sawasawa, fundi anaposema "mlango umekaa barabara", ni ba-RA-ba-ra. Herufi ni zile zile, irabu zote nne ni a, kilichohama ni mkazo tu.

Swali langu ni hili. Hiyo RA msemaji anaifanya nini hata sisi tukasikia imekazwa? Anaivuta, anaipandisha, anaitoa kwa nguvu, au anaibadilisha a yenyewe? Nimekusanya sauti za jamaa wa Wete na wa Mjini, wamenitumia kwa wasapu, kila mmoja kasoma "Nimesema ___ tena" na neno likiwa katikati. Nimezifungua kwenye Praat, ile programu ya kompyuta ya kuchambua sauti. Irabu iliyokazwa karibu kwa kila mtu ni ndefu zaidi. Kidatu, yaani wembamba na unene wa sauti, kwa wengine kinapanda, kwa wengine hakitikisiki. Safu ya desibeli ndiyo inayonishangaza, haioneshi kitu cha maana, na mimi kwa masikio yangu naisikia silabi ile ina sauti kubwa zaidi.

Msimamizi wangu kaniuliza: sawa, hayo ndiyo anayoyafanya msemaji, je, msikilizaji anategemea lipi? Nimekosa jawabu.

StudioMlandege

Waalaykum salaam ndugu yangu. Mie kazi yangu ni kuhariri vipindi vya redio, mawimbi ya sauti nayatizama kutwa. Mkazo ni nguvu, usisumbuke. Ukivuta picha ya sauti unaona kabisa silabi iliyokazwa imevimba kuliko jirani zake. Mtangazaji asiyebonyeza silabi zake, wasikilizaji wanapiga simu kulalamika hawamwelewi.

Desibeli zako zimepotea kwa sababu ya hiyo wasapu. Simu ikisikia sauti ndogo inaipandisha yenyewe, ikisikia kubwa inaibana. Ukipokea faili lako kila kitu kimesawazishwa. Rikodi tena kwa maiki ya maana, weka mbali kidogo na mdomo, usiruhusu chombo kijirekebishe chenyewe, utaiona nguvu ilipo.

UstadhiMsuka

Suala hili limo ndani ya elimu ya tajwidi zamani sana. Herufi ya mada, yaani ya kurefusha sauti, huvutwa harakati mbili, na ikifuatiwa na hamza au sukuni huzidi, nne mpaka sita kwa hukumu zake. Na shadda ni herufi mbili zilizoingiliana, ya kwanza ina sukuni. Kwa hiyo mkazo ni urefu, na urefu una kipimo chake. Vijana rudini madrasa.

MwanaWete

Ahsante Ustadhi. Hapa lakini mkazo ninaoukusudia si shadda ya herufi. Ni silabi moja kuwa nzito kuliko nyengine ndani ya neno.

MwalimuSauti

MwanaWete, msimamizi wako kakuuliza swali lenyewe khasa, na limechanganywa sana hata na watu wa fani. Kupima alichokifanya msemaji ni kazi moja, kujua msikilizaji kashika nini ni kazi nyengine. Msemaji anapokaza silabi huwa anafanya mambo kadhaa kwa pamoja. Yote yanaonekana kwenye kompyuta, na yote yanaonekana kana kwamba ndiyo sababu. Huwezi kujua sikio limefuata lipi mpaka uyatenganishe, ubadilishe moja na mengine yakae palepale.

Aliyeifanya kazi hiyo kwa umaarufu mkubwa ni Dennis Fry wa University College London. Alichukua maneno ya Kiingereza ambayo yakiwa nomino hukazwa silabi ya kwanza na yakiwa vitenzi hukazwa ya pili, akayatengeneza kwa sauti ya mashine. Katika utafiti wa 1955 alibadilisha urefu wa irabu na nguvu yake tu, akawauliza watu wamesikia nomino au kitenzi. Vyote viwili viliwasukuma wasikilizaji, lakini urefu uliwasukuma zaidi sana kuliko nguvu. Mwaka 1958 akaongeza kidatu, na kidatu kikaushinda hata urefu. Tena kilikuwa na tabia ya pekee. Kikipanda kidogo au kikipanda sana, athari ilikuwa karibu ile ile. Sikio lilitaka kujua tu kwamba kimehama, na kimehamia silabi ipi.

StudioMlandege, ulilosema kuhusu wasapu ni kweli tupu, na ndiyo maana ile safu ya desibeli haifai kutumiwa. Urefu katika faili zile unaweza kuuamini kwa kiasi, nguvu usiiguse. Lakini kuona wimbi limevimba hakuthibitishi kwamba msikilizaji kalishika hilo. Fikiria mtu anayesogeza maiki karibu na mdomo kwenye silabi moja. Nguvu imepanda, na hakuna atakayesema neno limebadilika maana. Masikio yetu yamezoea sauti kukua na kupungua kwa sababu ya umbali, upepo, mtu kugeuza kichwa. Ishara inayoharibika kirahisi hivyo haitegemewi sana.

Ila jambo moja lina upande wako. Mtu anapokaza kwa bidii ya koo, sauti haikui sawasawa kote. Masafa ya juu, tuseme kuanzia hezi 500 kwenda juu, yanapata nguvu zaidi kuliko ya chini, na sauti inakuwa kali. Kusogeza maiki hakuleti hilo, kunakuza yote pamoja. Agaath Sluijter na Vincent van Heuven walilionesha hili kwa Kiholanzi mwaka 1996, na jaribio lao la mwaka uliofuata lilionesha kwamba wasikilizaji wanaitumia ishara hiyo vizuri kuliko nguvu ya jumla. Basi unachokisikia studio huenda ni hicho, na mita yako ya desibeli haikitenganishi.

NungwiGuide

Samahani naingia na jambo langu, sijui kama ndilo. Natembeza wageni, na nawafundisha maneno mawili matatu njiani. Waitaliano wananivutia silabi ya pili kutoka mwisho mpaka inachekesha, lakini naelewa wanachosema kila mara. Wageni wa Kiingereza ndio tabu. Mkazo wanauweka pahala pake, ila irabu nyengine wanazimeza. "Barabara" inatoka a moja nzima na zilizobaki zimefifia, sijui hata niziandikeje. Kwa nini hawa wamekaza sawa na mie siwaelewi?

MwalimuSauti

Ndilo kaka, na umetuletea ishara ya nne ambayo tulikuwa tunaipita. Kwa Kiingereza silabi isiyokazwa hupoteza sura ya irabu yake. Inarudi katikati ya kinywa, si a, si e, si o. Kwa hiyo Mwingereza anaweza kuutambua mkazo kwa kuona irabu gani imebaki nzima. Sisi irabu zetu tano zinabaki na sura zao hata pasipo mkazo. A ya kwanza ya "barabara" na ya mwisho zinaweza kuwa fupi na hafifu kidogo, lakini ni a. Kwa hiyo sikio letu halijazoea kutafuta mkazo huko, na mgeni akizififisha, sie tunachokikosa ni irabu yenyewe. Neno limepotea wakati mkazo uko sawa kabisa.

Na hilo ndilo linalonifanya nisiyachukue majibu ya Fry nikayabandika kwenye Kiswahili. Kila lugha ina ishara ilizozifungia kazi nyengine. Mary Beckman alionesha katika kitabu chake cha 1986 kwamba Kijapani hukitumia kidatu, na urefu na nguvu havisaidii kama kwa Kiingereza. Kijapani kina irabu fupi na ndefu zinazobadilisha maana, kwa hiyo ni rahisi kufikiri kwamba urefu una kazi nyengine. Ustadhi alipotaja mada aligusa jambo hilo kwa upande wa Kiarabu.

MwanaWete

Kwetu je? "Kufa" na "kufaa" si urefu?

MwalimuSauti

Umeona mbali. Tunaandika irabu mbili na tunazihesabu silabi mbili, ku-FA-a, lakini masikioni ni a iliyovutwa. Kwa hiyo kwenye jaribio usivute irabu bila ya mpaka. Ukiivuta RA kupita kiasi, watu watasikia "baraabara", neno lisilokuwepo, na jibu lao halitakuwa tena la mkazo.

MwanaWete

Basi nielekeze mwalimu wangu. Nikitaka kuyatenganisha kwa neno hili, naanza wapi?

MwalimuSauti

Anza na kurikodi upya, chumba kimya, maiki moja, umbali mmoja. Halafu jua unalinganisha nini na nini. Ndani ya neno moja usilinganishe RA na BA. Konsonanti zake si sawa, b inafunga midomo na r yetu ni pigo moja la ulimi, fupi mno, na mpaka wake kwenye picha ya masafa ni kijifinyo tu. Linganisha RA ya "barabara" ya njia na RA ya "barabara" ya sawasawa, na BA na BA vivyo hivyo. Neno hili lina baraka, kwa sababu irabu zote ni a. Kwa maneno mengine ungepigana na ukweli kwamba a kwa asili yake ni ndefu na ina nguvu zaidi kuliko i au u, hata isipokazwa.

Kwa wasikilizaji, tengeneza mfululizo wa urefu. Kidatu kilaze kiwe hezi 120 tangu mwanzo mpaka mwisho, nguvu isawazishe. Kisha irabu ya pili na ya tatu zigawane milisekunde 240. Sauti ya kwanza 80 kwa 160, halafu 100 kwa 140, 120 kwa 120, 140 kwa 100, na ya mwisho 160 kwa 80. Jumla haibadiliki, kinachohama ni mgawanyo. Mfululizo wa pili ni wa kidatu: urefu ufunge kwenye 120 kwa 120, na kilele cha kidatu ukipeleke mara silabi ya pili, mara ya tatu. Wa tatu ni wa nguvu, kwa njia hiyo hiyo. Zichanganye zote, msikilizaji achague "njia" au "sawasawa" tu. Mfululizo utakaowahamisha watu kabisa kutoka jibu moja kwenda jengine ndio wenye ishara nzito.

Kuvuta irabu kwenye Praat ni hivi. Tuseme irabu ya pili inaanza sekunde 0.210 na kuisha 0.310, yaani milisekunde 100, nawe unataka 140:

```
selectObject: "Sound barabara"
m = To Manipulation: 0.01, 75, 300
d = Extract duration tier
Add point: 0.209, 1.0
Add point: 0.210, 1.4
Add point: 0.310, 1.4
Add point: 0.311, 1.0
selectObject: m
plusObject: d
Replace duration tier
selectObject: m
Get resynthesis (overlap-add)
```

Vile vituo viwili viwili vilivyokaribiana kila upande ndivyo vinavyozuia mvuto usimwagikie konsonanti za jirani. Ukiweka kituo kimoja tu katikati ya irabu, Praat itaueneza kwenye neno zima.

Sasa mtego ambao wengi wanaingia. Ukitengeneza mifululizo yote kutoka rikodi moja, tuseme ya njia, ndani yake mumebaki vitu hukuvigusa: ule ukali wa masafa ya juu, jinsi b ilivyofungwa, sura ya a. Vyote vinavuta kwenye "njia". Basi tengeneza kila kitu mara mbili, mara moja kutoka rikodi ya njia na mara moja kutoka ya sawasawa. Yakilingana majibu, salama. Yakitofautiana, tofauti hiyo ndiyo kipimo cha ishara uliyoiacha ndani.

MpembaAsili

Nimesoma kimya kimya, sasa nina mawili.

La kwanza, hiyo sentensi ya "Nimesema barabara tena" haifai hata kidogo. Mtu akisema "nimesema barabara" mie namwelewa kasema vizuri, sawasawa. Neno limeshapata maana kabla sijausikia mkazo. Wasikilizaji wako wote wataelemea upande mmoja, na waliokusomea pia huenda waliisoma ya njia kama ya sawasawa.

La pili, kwetu sisi Wete wengi wanasema ba-ra-BA-ra kwa yote mawili. "Kaa barabara" na "kata barabara" ni mamoja mdomoni. Maana tunaitoa kwenye maneno yaliyoizunguka. Hiyo ba-RA-ba-ra mie naisikia zaidi kwa watangazaji na walimu.

MwalimuSauti

La kwanza ni zito na ni kweli. MwanaWete, tumia "Andika neno ___ hapa." Humo barabara haiwezi kuwa sifa ya kitendo, ni jina la neno tu. Na iendelee kubaki katikati. Ikienda mwisho wa sentensi, silabi ya pili kutoka mwisho inavutwa na kidatu kinaporomoka kwa sababu ya sentensi kwisha, na utadhani umepima mkazo wa neno.

Hapo hapo ndipo lilipo jibu la kidatu kutulia kwa wengine. Kidatu kinakwenda sana kwa neno ambalo msemaji analiona jipya au analipingisha na jengine. Msomee mtu: "Usiandike neno uchochoro, andika neno barabara hapa." Kidatu kitapanda kwenye silabi iliyokazwa. Halafu: "Usifute neno barabara hapa, andika neno barabara hapa." Mara ya pili jipya ni kuandika, kwa hiyo kidatu cha "barabara" kinalala, na kinachobaki kwenye silabi iliyokazwa ndicho cha neno lenyewe. Kwa Kiholanzi walichokikuta kimebaki imara ni urefu. Kwa Kiswahili natarajia hivyo hivyo, na vipimo vyako vya wasapu vinaelekea huko. Fry alipoona kidatu kinashinda, maneno yake yalisikika pekee, na neno likiwa peke yake daima ni jipya.

La pili la MpembaAsili silikanushi.

StudioMlandege

Mwalimu, nakubali habari ya maiki. Lakini msikilizaji wa redio yupo ndani ya daladala, injini inanguruma. Urefu gani atausikia hapo? Nguvu ndiyo inayompenya.

MwalimuSauti

Kwenye kelele, kinachopenya ni irabu kusikika kabisa, na hapo nguvu inasaidia neno zima. Lakini irabu ikishasikika, urefu wake hauliwi na injini kirahisi, na kidatu vilevile. Ukitaka tulipime, MwanaWete aziweke sauti zake zile zile juu ya kelele ya daladala. Mimi sina jibu la uhakika kwa lugha yetu.

NungwiGuide

Na kama Mpemba kasema kweli, si mtaulizia watu kitu ambacho hawana?

MwalimuSauti

Hilo ndilo linaloniuma kichwa mimi pia. Emmanuel Dupoux na wenzake walionesha mwaka 1997 kwamba Wafaransa wanahangaika kutofautisha maneno ya kubuni yanayotofautiana mkazo tu, wakati Wahispania wanafanya bila taabu. Kwa Kifaransa mahali pa mkazo pamefungwa, basi hakuna haja ya kuuhifadhi kichwani pamoja na neno. Sisi pia mahali petu pamefungwa, isipokuwa maneno machache. Wapoli wako karibu na sisi kwa hilo, mkazo wao ni silabi ya pili kutoka mwisho na wana maneno yanayokiuka. Walipopimwa walikuwa kati: si wazito kama Wafaransa, si wepesi kama Wahispania.

Kwa hiyo MwanaWete, kabla ya mifululizo yote fanya kijaribio kidogo. Chukua rikodi mbili za asili, usizibadilishe chochote, wape watu wachague. Wakishindwa hata hapo, watu wa Wete wasiingie kwenye hesabu ya ishara gani nzito. Waweke kundi lao, na hilo lenyewe ni sura nzima ya tasnifu.

UstadhiMsuka

Sasa nimefahamu mnachokitafuta. Mie nasema ba-RA-ba-ra, na nimezaliwa Msuka. Msiwaandike Wapemba wote kwa kauli ya mmoja. Na "lazima" je? Mzee wangu husema LA-zi-ma, vijana wangu la-ZI-ma, na tunaelewana.

MpembaAsili

Ustadhi, ni kwa sababu wewe umesoma Kiarabu. Hiyo LA-zi-ma inatoka kwenye lazima yenye mada ya Kiarabu mwanzoni. Mjaribu mvuvi wa hapo hapo Msuka.

UstadhiMsuka

Nitamrikodi. Nani anipe hiyo sentensi tena?

MwanaWete

"Andika neno barabara hapa," Ustadhi. Msomeshe mara mbili: mara ya kwanza mwambie awazie njia ya magari, ya pili awazie mlango uliokaa sawasawa. Usimtamkie wewe kwanza, asije akakuiga. Na tafadhali usinitumie kwa wasapu kama sauti ya kawaida. Tumia kirikodi cha simu chenye kuhifadhi faili la WAV, nitalifuata mwenyewe nikija Pemba.

StudioMlandege

Maiki nnayo ya kuazimisha. Njoo Mlandege siku ya kazi, asubuhi studio huwa tupu.